“Kompyuta Imegoma” Si Taarifa: Jinsi ya Kuandika Ujumbe wa Tatizo Unaojibika

Kila msimu wa fildi ukifika, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. “Kaka mambo, kompyuta ya huku imegoma, nisaidie.” “Mkuu, mtandao hausomi kabisa.” “Laptopu inaleta maneno ya ajabu.” Nasoma kompyuta, kwa hiyo wenzangu wanadhani nikisikia neno “imegoma” najua pa kushika. Ukweli ni kwamba neno hilo halina kitu ndani yake. Linasema tu kwamba mwandishi amekwama. Halisemi amekwama wapi, akifanya nini, na mashine ilimjibu nini.

Katika makala haya nataka kuchukua kisa kimoja na kukifuata mpaka mwisho, tuone ujumbe mmoja butu ulivyogeuzwa kuwa ujumbe unaojibika. Ni kisa cha mwenzetu wa mwaka wa tatu aliyekuwa fildi Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye shamba la zabibu la mtu binafsi lenye kisima cha kumwagilia. Kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kushusha kamba ya kipimo kisimani, kusoma maji yako kina gani, na kuingiza namba hiyo kwenye Excel. Kompyuta ilikuwa ya mezani, ya zamani kidogo, na intaneti aliitoa kwenye simu yake kwa waya wa USB.

Jumatatu moja akaandika kwenye grupu la darasa: “Jamani kompyuta ya huku fildi imegoma, mtandao haufanyi kazi kabisa, nina ripoti ya kutuma, msaada haraka.”

Majibu yalikuja mengi. Mmoja akasema bando limeisha, anunue lingine. Mwingine akasema hivyo ni virusi, apakue programu ya kuvisafisha, bila kueleza mtu asiye na mtandao atapakuaje. Wa tatu akamwambia amtafute fundi ampigie Windows upya. Akanunua bando, hali ikawa ile ile. Fundi alipatikana, na alikuwa tayari kufuta kila kitu Ijumaa. Alhamisi mchana ndipo ujumbe ule ule uliponifikia mimi.

Sitaki kuwalaumu waliojibu. Walipewa sentensi isiyo na dalili, kila mmoja akaijaza kwa tatizo aliloliona mara ya mwisho kwenye mashine yake.

Tatizo moja kwa jina, manne kwa undani

Hebu tuiangalie ile sentensi, “mtandao haufanyi kazi”. Mtu anayetumia Chrome anaweza kuisema kwa uaminifu kabisa katika hali nne zilizo tofauti kabisa. Kwa macho ya haraka zote zinafanana: ukurasa haufunguki, kuna mchoro na maandishi ya Kiingereza. Lakini chini ya kila ukurasa wa namna hiyo kuna maneno ya herufi kubwa, na hayo ndiyo yanayotenganisha.

```
ERR_INTERNET_DISCONNECTED
DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN
ERR_CONNECTION_TIMED_OUT
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

La kwanza linasema kompyuta haijaunganishwa na mtandao wowote: waya umechomoka, au simu haijaruhusu kugawa intaneti. La pili linasema jina la tovuti limetafutwa halikupatikana, na mara nyingi ni kwa sababu umekosea herufi kwenye anwani. La tatu linasema kompyuta ilibisha hodi, ikasubiri, hakuna aliyejibu. Hapo mtandao unaweza kuwa dhaifu sana, au tovuti yenyewe imelala. La nne ni la aina nyingine kabisa. Linasema mtandao upo, tovuti imejibu, imeonyesha cheti chake cha usalama, lakini tarehe za cheti hazilingani na tarehe ya kompyuta yako.

Unaona basi kwamba ushauri wa kununua bando hauwezi kutibu hali ya nne hata siku moja. Na mstari mmoja tu, ulionakiliwa jinsi ulivyo, ungemwokolea mwenzetu pesa ya bando na siku tatu.

Maswali manne

Nilimjibu kwa maswali manne. Ulikuwa unataka kufanya nini hasa? Skrini iliandika nini, neno kwa neno? Ilianza lini, na kabla ya hapo kulitokea nini? Umeshajaribu nini, na kila ulipojaribu ilikuwaje?

Hayo si maswali yangu mwenyewe. Ndiyo anayouliza kila mtu anayetengeneza programu au anayekaa dawati la msaada. Simon Tatham, Mwingereza aliyetengeneza programu ya PuTTY ambayo wengi wetu tunaitumia kuingia kwenye seva, aliandika mwaka 1999 maelezo marefu ya namna ya kuripoti hitilafu za programu. Moja ya hoja zake kuu ni kwamba anayeripoti atenganishe kile alichokiona na kile anachokidhania. Ni sawa na dirishani pale zahanati. Ukisema “nina malaria”, unamletea mganga hukumu. Ukisema “nina homa tangu jana usiku, natetemeka, nimemeza panado haikushuka”, unampa kazi ya kufanya.

Baada ya kama nusu saa mwenzetu akarudi na ujumbe huu. Nauweka hapa karibu ulivyokuwa, nimetoa tu majina:

“Kaka habari za mchana. Naandika tena, ripoti natakiwa kuituma leo kabla ya saa 10 jioni.

Kompyuta: ya mezani, ya ofisi ya shamba, Windows 10. Intaneti natoa kwenye simu yangu kwa waya wa USB.

Nilichotaka: kufungua Gmail kwenye Chrome niambatishe faili la Excel.

Kilichotokea: ukurasa wa Gmail haufunguki, unakuja ukurasa mweupe wenye kichwa `Your clock is behind`. Chini yake kuna kitufe `Update date and time`, na chini kabisa `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Google yenyewe pia haifunguki, maneno ni yale yale. Picha nimeambatisha.

Ilianza: Jumatatu asubuhi. Ijumaa nilituma barua pepe vizuri. Jumamosi na Jumapili umeme ulikatika huku.

Nilichojaribu: (1) Nimezima na kuwasha upya mara mbili, hakuna mabadiliko. (2) Nimenunua bando jipya, hakuna mabadiliko. (3) Nimetumia Edge badala ya Chrome, kosa ni lile lile. (4) Simu yangu yenyewe, kwa bando hilo hilo, inafungua Gmail bila shida.

Kingine sijui kama kinahusu: tangu Jumatatu kompyuta ikiwaka inaleta kwanza maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, mlinzi aliniambia nibonyeze F2 inaendelea. Nimepiga picha pia. Fundi anataka kupiga Windows kesho, nimruhusu?”

Jibu langu lilikuwa fupi: usimruhusu. Angalia tarehe kwenye kona ya chini kulia ya skrini, kisha niambie ni ngapi.

Ilikuwa tarehe 1 Januari 2015.

Kwa nini ujumbe wa pili ulijibika

Tuupitie kipande kwa kipande, maana kila kipande kilifanya kazi yake.

Maneno kamili ya kosa ndiyo yaliyoonyesha njia. Kila tovuti inayoanza na `https` huonyesha cheti chenye tarehe mbili: siku kinapoanza kutumika na siku kinapokwisha. Septemba 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa cheti kipya cha umma kinachodumu zaidi ya siku 398. Kwa hiyo kompyuta inayoamini kwamba leo ni mwaka 2015 inaviona vyeti karibu vyote vya leo kama vitu ambavyo bado havijaanza kutumika, nayo inakataa. Chrome inajua toleo lake limetengenezwa lini, ndiyo maana haikuishia kukataa tu. Iliweza kusema saa yako iko nyuma. Mashine ilishataja ugonjwa wake yenyewe tangu Jumatatu. Shida ni kwamba maneno hayo hayakuvuka kutoka kwenye skrini kwenda kwenye ujumbe.

Hapa watu wengi huanguka kwa sababu ya Kiingereza. Wanaona maneno marefu, wanayafupisha kwa Kiswahili chao: “inasema saa sijui imefanyaje” au “inasema haiko salama”. Usitafsiri kosa, na usilifupishe. Linakili hata kama hulielewi, na hasa kama hulielewi. Ukurasa wa kivinjari unaweza kuyachagua maneno kwa kipanya na kuyanakili. Kwenye visanduku vingi vidogo vya Windows vinavyoruka na kitufe cha `OK`, ukibonyeza `Ctrl+C` kisanduku kikiwa mbele, maandishi yake yote yananakiliwa, ingawa hakuna kinachoonekana kubadilika. Picha ya skrini unaipata kwa kubonyeza `Windows+Shift+S`. Kama kompyuta haina mtandao wa kuituma, piga picha kwa simu, ukiwa umesimama moja kwa moja mbele ya skrini ili mwanga usifute maneno. Hata ukituma picha, liandike kosa pia kwa herufi: picha ikipita WhatsApp hupungua ubora, na anayekusaidia hawezi kuichukua picha akaibandika kwenye sehemu ya kutafutia.

Hatua zilizojaribiwa zilifunga milango mingine. Angalia kwamba hakuandika “nimejaribu kila kitu”. Aliandika alichofanya na kilichotokea baada yake. Edge kuonyesha kosa lile lile kulituambia Chrome haijaharibika. Simu kufungua Gmail kwa bando hilo hilo kulituambia bando lipo, mtandao wa eneo lile upo, na Gmail iko hai. Kilichobaki ni kompyuta yenyewe, na ndani ya kompyuta ni kitu ambacho vivinjari vyote vinakitegemea. Jaribio lililoshindwa si la kuficha wala la kuonea aibu; ndilo linalopunguza eneo la kutafuta. Lakini likiandikwa bila matokeo yake, halisaidii. “Nimeristati” peke yake hainiambii kama kosa lilibaki, lilibadilika, au liliondoka kwa dakika tano likarudi.

Kipande cha tatu ni “ilianza lini”. Ijumaa ilikuwa nzima, Jumatatu mbovu, katikati umeme ulikatika. Ukijua hivyo huhitaji kuuliza habari za virusi kwanza.

Na kipande alichokiita “sijui kama kinahusu” ndicho kilichomalizia. Ile picha ya skrini nyeusi ilikuwa na mistari hii:

```
CMOS Date/Time Not Set
Press F1 to Run SETUP
Press F2 to load default values and continue
```

Hayo ni maneno ya kompyuta kabla Windows haijaamka. Yanasema kumbukumbu ndogo inayotunza tarehe na saa imepoteza kila kitu. Mlinzi alimsaidia kwa nia njema, maana kweli ukibonyeza F2 mashine inaendelea. Lakini kubonyeza F2 ni kukubali thamani za kiwandani, ikiwemo tarehe ya kiwandani, ambayo kwa mashine ile ilikuwa Januari 2015. Dalili tuliyoizoea huacha kuonekana kama dalili. Ndiyo maana, ukiripoti, ongeza mstari mmoja wa mwisho: kuna kitu gani kingine kimebadilika, hata kama unadhani hakihusiani.

Tiba

Ndani ya kila kompyuta ya mezani, kwenye madabodi, kuna betri ya duara kama sarafu. Nyingi ni aina ya CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya saa itembee wakati kompyuta imechomolewa kwenye umeme. Umeme ukiwepo ukutani, saa hulindwa na umeme huo, kwa hiyo betri inaweza kuwa imekufa kwa miezi bila mtu kujua. Siku umeme unapokatika kwa muda, saa inasahau. Na pale shambani, baada ya wikiendi ile ya giza, mlinzi alianza kuzima soketi ukutani kila jioni kwa kuhofia umeme kurudi kwa nguvu. Kwa hiyo kila asubuhi kompyuta iliamka ikiwa siku ile ile moja ya mwaka 2015.

Unaweza kuuliza: si Windows hujirekebisha saa yenyewe ikipata intaneti? Hujirekebisha, lakini kwa mpaka. Kwa kompyuta ya kawaida isiyo chini ya seva ya taasisi, mpaka uliowekwa ni sekunde 54,000, yaani saa 15. Tofauti ikizidi hapo, huduma ya saa inakataa kuigusa, kwa hoja kwamba kosa kubwa namna hiyo huenda liko upande wa pili. Miaka ni mbali sana na saa 15. Lazima mkono wa mtu uingie.

Nikamwelekeza hivi: bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya saa iliyo kona ya skrini, chagua `Adjust date/time`, zima `Set time automatically`, bonyeza `Change`, weka tarehe na saa sahihi. Hakikisha ukanda wa saa ni `(UTC+03:00) Nairobi`, maana Windows haina mstari wa Dodoma wala Dar es Salaam. Sisi tumo humo humo. Ukimaliza, washa tena `Set time automatically`, funga Chrome, ifungue upya.

Gmail ikafunguka. Kuanzia ujumbe wa pili mpaka hapo zilipita kama dakika kumi na tano, na nyingi kati yake zilikuwa za kungoja picha zifike. Tiba ya kudumu ilikuwa kubadilisha betri ile, kazi inayofanywa kompyuta ikiwa imechomolewa kabisa ukutani, na haihitaji kupiga Windows upya hata kidogo. Mpaka betri ipatikane, akaambiwa kila asubuhi aangalie tarehe kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Kilichokuwa kinapotea kimya kimya

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kisa cha barua pepe tu. Lakini kabla hajatuma, nilimwomba afungue lile faili la vipimo vya kisima aangalie safu ya tarehe. Kwenye Excel alikuwa na mazoea mazuri ya kubonyeza `Ctrl+;`, njia ya mkato inayoandika tarehe ya leo ndani ya seli. Excel haina kalenda yake, inaiuliza kompyuta. Vipimo vya Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi vyote vinne vilikuwa vimeandikwa tarehe 1 Januari 2015.

Namba za kina cha maji zilikuwa sahihi. Siku zake ndizo hazikuwepo. Na kipimo cha maji kisicho na siku hakina kazi, kwa sababu maana yake yote iko katika kupanda na kushuka kwa wakati. Makutupora hilo lina uzito wa pekee. Visima vya bonde la Makutupora ndivyo vilivyoinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na kina cha maji yake kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo yaliyotokana na kumbukumbu za pale za miaka 55. Walionyesha kwamba maji yale ya ardhini hayajazwi sawasawa kila mwaka, bali hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, ikiwemo ya El Niño. Hitimisho kama hilo haliwezekani bila kujua kila namba ni ya siku ipi. Kisima cha shamba la mtu binafsi hakimo kwenye kumbukumbu hizo, lakini kanuni ni ile ile, na ripoti ya fildi husomwa kwa kanuni hiyo.

Bahati nzuri mwenzetu alikuwa na daftari. Kila kipimo alikiandika kwanza kwa kalamu, pale pale kisimani, na tarehe yake. Akarekebisha safu ile kwa kuandika tarehe kwa mkono, akaongeza maelezo chini ya jedwali kwamba siku hizo nne saa ya kompyuta ilikuwa na hitilafu na tarehe zimetolewa daftarini. Akatuma saa 9 na nusu. Kama fundi angepiga Windows Ijumaa bila kuhifadhi mafaili kwanza, faili lenyewe lingekwenda, na saa ingeendelea kusahau kama kawaida.

Pale ambapo hakuna kosa lililoandikwa

Kuna matatizo yasiyosema neno. Kompyuta ni nzito, inaganda, inazima yenyewe. Hapo usibuni kosa. Andika wazi kwamba hakuna maneno yoyote yaliyotokea, kisha weka vipimo mahali pa maneno. Badala ya “iko slo sana”, andika: “Kufungua Word kunachukua dakika 4, wiki iliyopita kulichukua kama sekunde 20. Inatokea nikiwa nimefungua Chrome. Nikiifunga Chrome inarudi kawaida.” Badala ya “inazima zima”, andika: “Imezima mara tatu leo, kila mara baada ya kama dakika 30, chini yake ni ya moto sana. Ikiwa mezani haizimi, ikiwa kitandani inazima.” Sentensi hiyo ya mwisho karibu imeshajijibu yenyewe: laptopu iliyoziba matundu ya hewa kwenye godoro.

Na kuna mpaka mmoja wa kuulinda. Ujumbe kamili haumaanishi ujumbe wenye kila kitu. Kabla ya kutuma picha ya skrini kwenye grupu, iangalie: kuna namba ya simu? Kuna barua pepe za watu? Kuna namba ya siri uliyoihifadhi pembeni kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye skrini? Kata sehemu hizo. Nywila haihitajiki katika kuripoti tatizo, na anayekuomba nywila ili “akuangalizie” mnyime.

Ukitaka kianzio, nakili hiki kwenye simu yako ukiweke mahali utakapokikuta siku umekwama:

Mashine na mfumo: …
Nilichotaka kufanya: …
Kilichotokea badala yake: …
Maneno kamili ya kosa: …
Ilianza lini, na kabla yake kulikuwa na nini: …
Nilichojaribu, na matokeo ya kila jaribio: …
Kinachofanya kazi bado: …
Kingine kilichobadilika: …
Nahitaji lini: …

Mstari wa “kinachofanya kazi bado” watu wengi huuruka, na ndio ninaousoma kwanza. Pale Makutupora, simu iliyofungua Gmail kwa bando lile lile ilishatueleza nusu ya jibu. Na mara nyingine utajaza mistari hii, ufike wa sita au wa saba, uone tatizo liko wapi kabla hujabonyeza kutuma. Hapo utafute mwenyewe, na ujumbe uufute.